Mistari ya mwaka mzima kwenye akaunti ya mizigo isiyo na ankara

*Tunatumia SAP. Kila mwisho wa mwezi akaunti ya mizigo iliyopokelewa bila ankara inabaki na mistari mingi, mingine ina zaidi ya mwaka. Meneja wangu anataka niiondoe yote kwa jurnali moja ya mkono. Kuna ubaya gani, na nianzie wapi?*

Jurnali hiyo usiipitishe, ndugu yangu. Akaunti hii huishi kwa namba ya oda ya ununuzi: stoo ikipokea mzigo inaingia krediti, ankara ikiingizwa kwa MIRO inaingia debiti, na oda inakumbuka yote mawili. Jurnali ya mkono inabadilisha salio la leja tu, oda haina habari nayo.

Chukua oda ya katoni 100, kila moja 40. Stoo imepokea zote, kwa hiyo akaunti ina krediti ya 4,000. Umeifuta kwa jurnali na leja imekuwa sifuri, lakini oda bado inasema zimepokelewa 100, zimetozwa sifuri. Miezi miwili baadaye ankara inakuja, MIRO inaweka debiti ya 4,000, na oda inatoka kwenye orodha ya oda zisizolingana kwa kuwa imekamilika. Kwenye leja imebaki debiti ya 4,000 isiyo na oda nyuma yake. Niliwahi kukabidhiwa akaunti iliyojaa debiti za aina hiyo, na kila moja ilinilazimu kutafuta jurnali ya mtu aliyekwisha kuhama.

Anza na ulinganisho. Toa orodha ya MB5S, inayoonyesha oda ambazo mapokezi na ankara havilingani, pamoja na salio la leja kwa wakati mmoja, kwa sababu stoo ikipokea mzigo mwingine katikati, namba hazitakubaliana. Tofauti ikitokea, fungua FBL3N na utafute hati za aina ya SA: hizo ndizo jurnali za mkono. WE za stoo na RE za ankara ziache kwanza. Jurnali zisizo na sababu zitenguliwe mpaka orodha na leja ziseme namba moja.

Sasa ingia kwenye mistari ya zamani yenye krediti. Kabla ya kuamini kwamba ankara haijafika, fungua FBL1N ya msambazaji huyo na utafute hati za KR, yaani ankara zilizoingizwa bila oda, zilizoingia baada ya tarehe ya mapokezi. Mara nyingi nimeikuta ankara ileile humo. Karani hakuiona namba ya oda, akaiingiza kwa FB60 moja kwa moja kwenye gharama, na msambazaji akalipwa. Zile katoni zikishatumika, gharama inasoma 8,000 kwa mzigo wa 4,000: mara moja kwa ankara, mara ya pili stoo ilipozitoa.

Kama ankara hiyo imeshalipwa, huna haja ya kuvuruga malipo. Ingiza hati ya kupunguza deni kwa FB65, kwenye akaunti ileile ya gharama na kwa msimbo uleule wa kodi. Kisha ingiza ankara upya kwa MIRO ukitaja oda. Hizo mbili zifutane kwa F-44 kwenye akaunti ya msambazaji. Deni halibadiliki, gharama inashuka 4,000, na mstari wa zamani umepata mwenzake.

Mstari wenye debiti una hadithi ya upande wa pili: umetozwa zaidi ya ulichopokea. Hapo nenda stoo na hati ya kupokelea mzigo mkononi. Ama mzigo ulifika ukasahauliwa kuingizwa, ama haukufika na msambazaji anadaiwa hati ya kupunguza deni.

MR11 iwe ya mwisho, kwa oda ambayo una hakika haitaleta tena mzigo wala ankara. Omba kwanza taarifa ya akaunti ya msambazaji: kama naye hakudai hizo 4,000, una ushahidi wa kuambatanisha. MR11 inasawazisha kupitia oda yenyewe, na tofauti inaangukia kwenye thamani ya stoo au akaunti ya tofauti za bei, kulingana na jinsi bidhaa inavyothaminiwa. Ndiyo maana ile ankara ya FB60 lazima itafutwe kwanza, la sivyo kosa la gharama linafunikwa kwa kosa la stoo. Ukikosea, MR11SHOW inakuruhusu kuitengua.

Kisha endesha F.13 ili ioanishe debiti na krediti zinazolingana, kwa kuwa MR11 haifanyi hivyo. Krediti zitakazobaki za mizigo ya wiki chache zilizopita ziache zilivyo, hilo ni deni halali linalosubiri ankara. Mwambie meneja asitarajie sifuri. Mpelekee orodha ya oda zilizobaki, kila moja na umri wake na jina la anayeifuatilia.