Kadi moja kujaa si sawa na kadi yoyote kujaa

Juma lililopita kijana mmoja wa Lamu aliniandikia ujumbe ambao niliusoma mara tatu kabla ya kuweza kuujibu. Anafanya kazi katika nyumba ya wageni ambako mwezi wa Desemba Waitaliano wengi hucheza tombola, na mwajiri wake amemwomba apange zawadi maalumu: shilingi 50,000 kwa mgeni ambaye kadi yake itajaa yote kabla namba 60 hazijamalizika kuitwa. Alikwisha kupiga hesabu na kupata uwezekano wa moja kati ya 861. Akaniuliza, "Kaka, hiyo si salama?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu "ni salama" ndilo jibu nililompa mwajiri wangu hapa Malindi alipotaka zawadi kama hiyo miaka kadhaa iliyopita, kwa maneno yaleyale na kwa kujiamini kulekule.

Nianze na mchezo wenyewe. Tombola ina namba 90, zikiwa kwenye vipande vidogo ndani ya mfuko, na anayeita huchomoa kimoja baada ya kingine bila kukirudisha. Kila kadi ina safu tatu, kila safu ina namba tano, kwa hiyo kadi ina namba 15. Kuna zawadi ndogondogo kwa mwenye kupata namba mbili, tatu, nne au tano katika safu moja, na zawadi kubwa humwendea anayejaza zote 15. Nilikuwa mwita namba kwa misimu miwili ya kaskazi. Mimi mwenyewe sikupata kununua kadi, kwa kuwa dini yangu hainiruhusu kucheza kwa pesa, na mama yangu hakuipenda kazi ile hata siku moja. Ila hesabu niliipenda tangu shuleni, na mwajiri alilijua hilo.

Hesabu ya kadi moja hufanywa hivi. Namba 60 zimeitwa kati ya 90. Namba yangu ya kwanza ina nafasi ya 60 kwa 90 kuwa miongoni mwa zilizoitwa. Ikiwa imo, zimebaki 59 zilizoitwa kati ya namba 89, kwa hiyo ya pili ina nafasi ya 59 kwa 89, na ya tatu 58 kwa 88. Unaendelea kuzidisha hadi sehemu ya kumi na tano:

```
60/90 × 59/89 × 58/88 × ... × 46/76
```

Jibu ni takriban 0.00116, yaani moja kati ya 861. Ukikosea kuhesabu sehemu, utagundua kwa kutazama ya mwisho: isipokuwa 46/76, umeruka au umeongeza moja. Wengi huchukua theluthi mbili na kuizidisha kwa yenyewe mara kumi na tano, na kupata moja kati ya 438, karibu mara mbili ya ukweli. Hiyo ingekuwa sahihi kama kila kipande kingerudishwa mfukoni baada ya kuitwa, jambo ambalo halifanyiki.

Keno, mchezo mwingine wa kubahatisha namba, hufuata njia hiyohiyo. Huchomolewa namba 20 kati ya 80, na aliyechagua namba tano huzidisha 20/80, 19/79, 18/78, 17/77 na 16/76, apate kwamba zote tano zitatoka mara moja kati ya 1,551, wala si moja kati ya 1,024 kama wanavyodhani wanaozidisha robo mara tano. Mchezaji wa keno anauliza kuhusu namba zake mwenyewe, na jibu linaishia hapo. Mwenye kutoa zawadi ya tombola anauliza jambo jingine kabisa, na hapo ndipo nilipoanguka.

Nilimwambia mwajiri kwamba moja kati ya 861 maana yake ni kwamba, tukicheza mara mbili kila usiku, zawadi itatoka baada ya mwaka mmoja na zaidi. Alifurahi, akabandika tangazo mlangoni. Tulipanga usiku sita, michezo miwili kila usiku, na kadi 120 ziliuzwa katika kila mchezo. Usiku wa nne bibi mmoja mzee alisimama nikiwa nimeita namba ya 58. Wageni walishangilia. Mimi nilibaki na mkono ndani ya mfuko, na mwisho wa mwezi sehemu ya fedha za zawadi hiyo ilikatwa kwenye mshahara wangu. Hadi leo naona haikuwa haki nilipe peke yangu, ingawa hesabu ilikuwa yangu.

Namba 861 ilikuwa sahihi, lakini ilihusu kadi moja niliyoitaja kabla ya mchezo kuanza. Mwenye zawadi hajali ni kadi ipi. Anajali kama yoyote itajaa. Kwa kadi 120, gawanya 120 kwa 861, upate karibu 0.14, yaani mara moja katika kila michezo saba. Tulicheza 12. Uwezekano wa zawadi kutoka angalau mara moja katika michezo yote ulikuwa karibu asilimia 80. Bibi yule hakuwa na bahati ya ajabu. Nilikuwa nimemwekea mlango wazi.

Ipo hadhari moja kuhusu kujumlisha huko. Kadi za tombola mara nyingi huchapwa kwa seti za sita, na kadi sita za seti moja hugawana namba zote 90 bila kurudia hata moja, kwa hiyo kujaa kwa kadi moja kunagusa nafasi ya nyingine. Jumla hiyo haiwi jibu kamili. Hata hivyo haiwezi kamwe kuwa ndogo kuliko ukweli, na kwa anayetoa zawadi hilo ndilo analolihitaji: makadirio yanayokosea kwa upande wa tahadhari.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Lamu, usianze na namba 60. Anza na kadi. Michezo 12 yenye kadi 120 ni kadi 1,440. Ukitaka kwa wastani zawadi isitoke zaidi ya mara moja katika misimu 20 kama huo, unahitaji kikomo cha namba zitakazoitwa ambacho kadi moja hujaa mara moja tu kati ya 28,800 au zaidi. Ili kukitafuta huhitaji kuzidisha upya sehemu kumi na tano. Kutoka 60 kwenda 59, zidisha uwezekano kwa 45/60. Kutoka 59 kwenda 58, kwa 44/59. Kila hatua, namba ya juu na ya chini ya sehemu hupungua moja. Ukifika 55 utakuwa na moja kati ya 3,848 hivi. Ukifika 50 utaona moja kati ya 20,346, ambayo bado haitoshi. Kwenye 49 utapata karibu moja kati ya 29,066, na hapo unaweza kusimama.

Wageni wataona namba 49 ni ngumu, na mwajiri wako atakusihi uirudishe 55 ili tangazo livutie. Mwonyeshe kwamba kwa kadi zilezile 1,440, kikomo cha 55 kinafanya zawadi itoke katika karibu msimu mmoja kati ya kila mitatu. Akikubali kwa kuelewa hivyo, mwombe aandike kwamba yeye ndiye atakayelipa. Halafu hesabu kadi zilizouzwa kila usiku kabla ya kuchomoa kipande cha kwanza, kwa sababu usiku wa mkesha wa mwaka mpya zinaweza kufika 300, na hapo 49 yako haitakuwa tena ile uliyoikokotoa.