Maneno 6,400 ya kutoa

Mswada wangu wa pili ulikuwa na maneno 64,000. Mhariri aliusoma akanirudishia na sharti moja: punguza sehemu moja ya kumi. Wewe unayeshika mswada wako wa kwanza, nakueleza nilivyokosea kabla sijapatia.

Nilikosea kwa kutaka usawa. Nilikata maneno ishirini na kitu katika kila ukurasa, bila kuangalia ukurasa wenyewe unafanya kazi gani. Tukio la mazishi, ambalo ndilo lililonifanya niiandike riwaya, likapoteza kimya chake na udongo wake. Rafiki yangu alilisoma akasema linasikika kama taarifa ya habari. Nikarudi kwenye nakala ya zamani. (Kabla ya kufuta chochote, hifadhi nakala nzima kwa jina jingine.)

Mara ya pili nilianza na daftari. Kila tukio nililiandikia mstari mmoja: nani anataka nini, na nini kimebadilika linapoisha. Matukio matatu nikayawekea nyota, kwamba hayaguswi mpaka mwisho. Halafu nikatafuta yale ambayo mstari wake haukuandikika. La kwanza lilikuwa safari ya basi, Tanga hadi Dar es Salaam: maneno 2,100 ya vumbi, wauza mayai na mtoto anayelia. Niliipenda sana safari ile, lakini Mwanaidi, mhusika wangu mkuu, alishuka akiwa yuleyule aliyepanda. Ikatoka yote. Kisha nikakuta Mwanaidi na baba yake mdogo wanagombania shamba mara mbili, sura ya nne na ya saba, kwa hoja zilezile. Nikaacha ugomvi wa sura ya saba na kuhamishia humo jibu moja kali la ule wa kwanza. Yakapungua mengine 1,400.

Ukiondoa tukio zima, chunguza lilikuwa limebeba nini. Ndani ya basi ndimo msomaji alimojua kwamba Mwanaidi ameifunga hati ya shamba kwenye pindo la kanga. Sura ya tisa anaifungua kanga ile, na bila basi ingeonekana hati imeshuka kutoka mbinguni. Bonyeza Ctrl+F, tafuta kila kitu kilichotajwa katika tukio ulilotoa, uone kinaibukia wapi tena. Mimi sentensi moja ilitosha, nikaipachika asubuhi anapoaga nyumbani.

Yalibaki maneno 2,900 katika kurasa kama 240, yaani kumi na mawili hivi kwa ukurasa. Hapo ndipo unapoingia kwenye sentensi. Tazama hii yangu:

“Mwanaidi aliinuka kutoka pale kitini alipokuwa ameketi, akaanza kutembea taratibu kuelekea mlangoni huku moyo wake ukimwenda mbio kwa hofu kubwa aliyokuwa nayo, akaweza kuufungua mlango ule.”

Maneno 26. Ikawa: “Mwanaidi aliinuka, akaenda mlangoni moyo ukimdunda, akafungua.” Maneno saba. Uvimbe wetu mwingi umejificha katika “akaanza ku-”, “akaweza ku-”, “alipokuwa ame-”, na katika kutaja hisia ambayo mwili umeshaionyesha.

Salamu nazo hula kurasa. Kila mgeni wangu alibisha hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Nilizifuta karibu zote, isipokuwa moja: Mwanaidi anapoingia kwa baba yake mdogo na kumwambia “Habari” badala ya shikamoo. Pale salamu ndiyo tukio lenyewe, na nililiongezea maneno.

Sauti ndiyo iliyonitesa. Msimulizi wangu ni bibi mzee asemaye “basi” kila mara. Nikiwa na haraka nilizifuta zote kwa mpigo, na bibi akageuka karani. Nilizirudisha moja moja kwa kusoma kwa sauti: “basi” inayogeuza habari ilibaki, ile ya kujaza pumzi ikatoka. Na usijidanganye kwa kubadilisha kila “ambaye alikuja” kuwa “aliyekuja”. Hesabu itashuka, lakini wengi husema “ambaye” wanapozungumza, na ukiwanyang'anya wahusika wako wote wataongea kama kitabu cha sarufi.

Kila nilipoketi kukata nilisoma kwanza kurasa mbili ninazoziamini, ili sikio likumbuke bibi anavyosema. Sikukata zaidi ya sura moja kwa siku, maana jioni mkono unakuwa mwepesi na kila sentensi inaonekana ya ziada.

Mswada uliishia maneno 57,530. Yale 70 niliyozidisha kukata niliyarudisha kwenye mazishi.