Kila Kitu Kikiwa "Lazima", Tarehe Haitafika

Msomaji ameniandikia kwamba tarehe ya kukabidhi mradi wake haisogei, na bosi ameweka kila kazi kwenye fungu la Lazima, lile la kwanza kati ya mafungu manne ya kupanga kazi kwa uzito wake: Lazima, Inafaa, Ikiwezekana na Si Awamu Hii. Namwelewa, kwa sababu nimetoka kukabidhi mfumo wa kusajili washiriki wa mkutano, siku ileile tuliyoahidi, na vita vyetu vilianzia hapohapo.

Tulikuwa na siku-kazi 50 kwa timu nzima. Mteja alikuja na Lazima za siku 41. DSDM, utaratibu wa kuendesha miradi unaotumia mafungu haya, unashauri Lazima zisizidi asilimia 60 ya nguvukazi, na yeye alifika 82. Angalia: kinachopimwa ni nguvukazi, wala si idadi ya kazi. Lazima tano nzito zinaweza kumeza mradi mzima.

Basi kila kazi niliiulizia swali moja: siku ya kuzindua ikifika hiki hakipo, tunaahirisha? Kupokea malipo: ndiyo, tunaahirisha. Kurudisha fedha kwa aliyejitoa, siku 4: hapana, mhasibu anaweza kurudisha kwa mkono. Vitambulisho vyenye picha, siku 5: hapana, majina yanachapishwa kutoka kwenye orodha. Hizo mbili zikaenda Inafaa. Ripoti za takwimu, siku 3, zikashuka hadi Ikiwezekana. Nikaambiwa mbele ya watu kwamba naogopa kazi. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini Lazima zilibaki siku 29, Inafaa 11, Ikiwezekana 10.

Hizo 10 ndizo zilizotuokoa. Malipo yalipita vizuri kwenye majaribio, ila kwenye mfumo halisi taarifa ya malipo ikawa inafika mara mbili, na mshiriki mmoja anasajiliwa mara mbili. Kurekebisha tatizo hilo kulikula siku 7. Tukakata kazi za siku 7 kutoka Ikiwezekana jioni hiyohiyo, bila kikao kirefu, maana makubaliano yalikuwepo tangu mwanzo. Lazima zote na Inafaa zote zilikabidhiwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, usibishane na bosi kuhusu neno "muhimu", maana kila kitu kwake ni muhimu. Muulize kuhusu kuahirisha. Akisema kuna njia ya kuzunguka, hata ya mkono, iandike palepale pembeni ya kazi, kisha ishushe. Na usimwahidi mtu yeyote kitu cha Ikiwezekana. Ukishaahidi, huna tena akiba.

Fungu la nne, Si Awamu Hii, wengi huliacha tupu. Mimi naliandika na kulisainisha. Wiki ya mwisho mteja aliulizia programu ya simu. Tukafungua karatasi, ilikuwa mstari wa kwanza wa fungu hilo, na sahihi yake chini. Awamu ijayo programu hiyo itapangwa upya pamoja na kazi nyingine, na itaulizwa swali lilelile.