Maumivu ya ndani ya goti, vidole vitatu chini ya kiungo

Nina miaka 63. Goti la kushoto linaniuma upande wa ndani, hasa nikipanda ngazi au nikiinuka kwenye kiti. Eksirei ilionyesha gegedu limelika, nikapewa vidonge, nafuu sioni. Kuna kitu kingine? (Mama, Morogoro)

Huenda kipo, Mama, na anayejua kushika goti atakipata kwa kidole gumba tu. Kaa kwenye kiti, goti umelikunja, unyayo umetua sakafuni. Tafuta ncha ya chini ya pia ya goti, kisha telezesha kidole kwenda upande wa ndani mpaka kitumbukie kwenye kijibonde kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Hapo ndipo kilipo kiungo chenyewe. Sasa laza vidole vitatu kuanzia kwenye kijibonde kuteremka chini, kama sentimita 5. Utakuta sehemu bapa ya mfupa wa muundi, inatazama ndani na mbele kidogo. Ibonyeze taratibu kwa gumba, halafu bonyeza mahali hapo hapo kwenye mguu wa kulia.

Ukiruka kwa maumivu kwenye kijibonde, kiungo kinahusika. Ukiruka ulipobonyeza ile bapa, na mguu wa kulia hauumi kiasi hicho, basi shaka yetu inakwenda kwenye kifuko kidogo cha ute kilicholala hapo, ugonjwa ambao madaktari huuita basaitisi ya pesi anserina. Usiache kulinganisha miguu yote miwili, kwa sababu wanawake wengi wana mafuta laini sehemu hiyo ambayo huuma kidogo yakibonyezwa hata goti likiwa zima.

Kano tatu huishia pale. Moja inatoka mbele ya nyonga, ya pili kwenye kinena, ya tatu kwenye mfupa wa makalio. Zote husaidia kukunja goti na kulizuia lisiangukie ndani, na kile kifuko kiko chini yake ili zisisuguane na mfupa. Goti linapoinamia ndani kwa kila hatua, kwa sababu ya unyayo bapa, uzito mkubwa au misuli dhaifu ya nyonga, kano hizo hukazwa juu ya mfupa na kifuko hubanwa katikati. Wenye kisukari nao hupatwa zaidi na tatizo hili.

Eksirei yako si ya uongo. Gegedu linaweza kuwa limelika kweli, na magonjwa haya mawili mara nyingi hukaa pamoja, ila kifuko hakionekani kwenye eksirei na ndiyo maana lawama zote huangukia gegedu. Hata altrasaundi mara nyingi haioni uvimbe wowote kwa mtu ambaye akiguswa pale anaruka. Kwa hiyo kabla ya kulipia kipimo kingine, mwombe daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akubonyeze sehemu zote mbili, moja baada ya nyingine, umweleze ipi ndiyo maumivu yako ya ngazi.

Mama yangu alifundishwa kunyoosha misuli ya paja, lakini akimaliza goti linauma kuliko mwanzo. Aache? (Binti, Tanga)

Asiache, dada, ila abadilishe namna. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kunyoosha mpaka maumivu yasikike palepale penye kifuko. Mvutano unatakiwa usikike katikati ya nyama ya paja. Ukisikika chini ya goti, kano inavutwa juu ya kifuko kilichokwisha kuvimba, na kesho yake lazima kiume.

Kwanza atembee ndani ya nyumba dakika 5 ili misuli ipate joto. Kisha akae kwenye ukingo wa kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Mguu mgonjwa aunyooshe mbele, kisigino kiwe chini, vidole vitazame juu, na goti lilegee kidogo badala ya kukazwa kabisa. Mgongo ubaki umenyooka, kifua kisogee mbele kwa kuinamia kwenye nyonga. Akipinda mgongo atadhani ameinama sana, kumbe paja halijavutika hata kidogo. Akiusikia mvutano nyuma ya paja asimame hapo, avute pumzi kama kawaida, ahesabu sekunde 30, asidundedunde. Mara 3 kwa kila mguu, asubuhi na jioni.

Paja la ndani lina jambo lake. Wengi hufundishwa kulala chali, nyayo zimegusana, magoti yakaangushwa pembeni. Zoezi si baya, lakini magoti yakiwa yamekunjwa, msuli mrefu wa kinena unaovuka goti na kuishia penye kifuko huwa umelegea, na kinachovutika ni ile misuli mifupi inayoishia kwenye paja. Ili umfikie huyu mrefu goti linatakiwa kunyooka. Kwa hiyo akae kwenye ukingo wa kiti kilekile, mguu aupeleke pembeni kwa mshazari ukiwa umenyooka, vidole vikiangalia juu, kisha ainame mbele kidogo tu. Hapa aanze na sekunde 15, maana huu ndio unaochokoza haraka. Siku tatu zikipita bila goti kulalamika, aongeze hadi 30.

Kipimo chetu ni asubuhi inayofuata. Usumbufu mdogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kwa 10, unavumilika iwapo asubuhi goti liko kama lilivyokuwa jana. Likiamka baya zaidi, apunguze kuinama na abaki na mara 2 badala ya 3.

Baada ya wiki moja au mbili za kunyoosha bila matata, aongeze nguvu ya nyonga: alale kwa ubavu wa mguu mzima, auinue mguu mgonjwa ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia kidogo nyuma, mara 10, apumzike, arudie mara 10. Msuli huu wa pembeni ya nyonga ndio unaozuia goti lisiangukie ndani. Asiyeufanyia kazi hupata nafuu ya kunyoosha, kisha maumivu humrudia akianza tena kutembea.

Nilishauriwa nitembee kwa ajili ya sukari. Natembea karibu saa nzima kila asubuhi pembeni ya barabara ya lami, nimevaa malapa. Goti la kushoto limezidi. Nichague sukari au goti? (Mama wa miaka 66, Mombasa)

Huhitaji kuchagua, Mama, na sukari bado inakuhitaji utembee. Tuangalie hiyo barabara na hayo malapa.

Barabara ya lami huwa na mgongo katikati ili maji yateremkie mtaroni. Ukitembea upande wa kulia ukiyatazama magari yajayo, kama inavyopaswa, mguu wako wa kushoto ndio uko juu ya mteremko. Unyayo wake hulala kwa ndani, goti nalo hufuata, na kwa saa nzima kano zinakandamiza kifuko kila unapokanyaga. Usihamie upande wa pili, kwani utayapa magari mgongo. Tafuta uwanja wa shule, njia tambarare ya mtaani, au ufukweni pale mchanga ulipo mgumu na sawa. Ufukwe ulioinama kuelekea majini una kasoro ileile ya barabara.

Malapa nayo humlazimisha mtu kubana vidole ili yasichomoke, na kisigino hakishikwi na kitu. Vaa viatu vya raba au sandali zenye mkanda wa nyuma na soli isiyopindika katikati ukiikunja kwa mikono. Geuza viatu vyako vya zamani uone soli: kama imelika sana ukingo wa ndani wa kisigino, unyayo wako unalala ndani hata kwenye tambarare, na soli ya ndani yenye kuinua upinde wa mguu inaweza kukusaidia.

Kwa wiki ya kwanza ipunguze ile saa iwe nusu, kisha uigawe. Tembea dakika 10 asubuhi, 10 mchana jua likipungua, 10 jioni. Kutembea kidogo baada ya kula kunasaidia sukari pia, kwa hiyo hupotezi. Fupisha hatua kidogo na uziharakishe kidogo, kisigino kitue karibu na mwili badala ya kurushwa mbele, na goti lielekee usawa wa kidole cha pili cha mguu. Kila baada ya siku tatu au nne ongeza dakika 2 kwenye kila kipande, mradi asubuhi goti halijachachamaa. Likichachamaa, rudi kwenye dakika za mwisho zilizokubali, ukae nazo siku chache.

Ukihitaji fimbo, ishike mkono wa kulia, yaani upande wa mguu mzima, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Kwenye ngazi za nyumba au za matatu, mguu wa kulia hutangulia kupanda, wa kushoto hutangulia kushuka.

Usiku nikilala ubavu maumivu hunizindua. Na kwenye swala nikikaa chini kuinuka ni shida. (Bibi, Unguja)

Shikamoo Bibi. Magoti yakilaliana, goti la juu hukandamiza lile lenye kifuko. Weka mto kati ya miguu, uwe mrefu kuanzia magotini hadi vifundoni, kwa sababu mto mdogo wa magotini tu huacha mguu wa juu uning'inie kuanzia goti kwenda chini na kuvuta kano zilezile. Kabla ya kulala unaweza kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, isipokuwa kama una ganzi miguuni.

Kwa sasa swali kwenye kiti, ruhusa ipo kwa mgonjwa. Kiti kiwe na urefu wa kuiweka nyonga juu kidogo ya goti. Kigoda cha jikoni na kukaa mkekani ukiwa umekunja miguu upande mmoja navyo viweke kando kwa wiki chache.

Daktari amependekeza sindano ya goti. Mama ana miaka 70, ana kisukari na presha. Tukubali? (Kijana, Kisumu)

Sindano ya steroidi mahali penye kifuko inaweza kutuliza haraka, na ina nafasi yake kama wiki 6 hadi 8 za mazoezi, viatu na kupunguza mwendo hazijaleta kitu, au maumivu yanamzuia hata kuanza mazoezi. Kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwulize daktari mapema apime mara ngapi na dawa zibadilishwe au la. Ulizeni pia kama itachomwa kwenye kifuko chini ya kiungo au ndani ya goti, maana ni sehemu mbili tofauti. Ikituliza, mazoezi yaendelee, kwani sindano hairekebishi goti linaloangukia ndani.

Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha msimnunulie dukani bila kuuliza. Hupandisha presha, huumiza figo na tumbo. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kidogo sana mwilini na ndiyo tungeanza nayo, baada ya kumtajia daktari dawa zake nyingine.

Kuna hali ambazo hazingoji mazoezi wala sindano. Goti au sehemu hiyo ikiwa nyekundu, ya moto, na ana homa, huenda ni maambukizi, na sindano ya steroidi ingeyazidisha. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Na maumivu yakianza ghafla kwenye mfupa wenyewe, hata bila kuanguka, akawa hawezi kuukanyaga mguu, mfupa wa mtu mzima unaweza kuwa umepata ufa ambao eksirei ya siku ya kwanza isiuone. Kwa yoyote kati ya haya apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kwa hili la mwisho asiukanyage mguu mpaka apimwe.