Maswali na majibu: Mwanga unapopita vichujio viwili vya polaroidi

*Mwanga wa balbu wenye ukali wa 60 W/m² unapita vichujio viwili. Mhimili wa cha kwanza uko wima, wa cha pili umezungushwa nyuzi 30. Mimi nimepata 45 W/m², mwalimu kaandika 22.5. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)*

Hesabu yako ya nyuzi 30 ni sahihi, ila umeanza katikati ya safari. Kosini ya nyuzi 30 ni 0.866, mraba wake ni 0.75, na 60 × 0.75 ndiyo hiyo 45 uliyopata. Umeruka kichujio cha kwanza. Mwanga wa balbu hutikisika pande zote zinazokingamana na njia yake: wima, mlalo na kila mshazari ulio kati. Ukigonga kichujio cha kwanza, nusu tu ndiyo hupita, hata ukigeuze vipi. Kwa hiyo:

I₁ = ½ × 60 = 30 W/m²

I₂ = I₁ cos²30° = 30 × 0.75 = 22.5 W/m²

Kanuni ya Malus yenye kosini mraba inahusu mwanga ambao tayari unatikisika upande mmoja. Mwanga wa aina hiyo unaupata baada ya kichujio cha kwanza, siyo kabla yake. Kabla ya kushika kikokotoo, jiulize mwanga unaofika ni wa aina gani. Kama ni wa balbu, jua au mshumaa, hatua ya kwanza ni nusu. Kama swali linasema tayari umepolaraizishwa, nusu haina nafasi na unakwenda moja kwa moja kwenye kosini.

*Hiyo nusu inatoka wapi? Kwa nini isiwe theluthi, au itegemee pembe? (Mwalimu, Kakamega)*

Inatoka ndani ya kanuni yenyewe ya Malus. Chukua sehemu yoyote ya mwanga wa balbu inayotikisika kwa pembe θ kutoka kwenye mhimili wa kichujio. Itapita kwa kiasi cha cos²θ. Kwa kuwa pande zote zina mwanga sawa, iko pia sehemu nyingine yenye nguvu ileile inayotikisika kwa nyuzi 90 zaidi, nayo hupita kwa kiasi cha sin²θ. Zijumlishe: cos²θ + sin²θ = 1. Sehemu mbili zimeingia, umetoka mwanga wa thamani ya sehemu moja. Kila jozi unayoweza kuiunda itakupa jibu hilohilo, na ndiyo maana kugeuza kichujio cha kwanza hakubadilishi ukali unaotoka. Kinachobadilika ni upande ambao mwanga utaendelea kutikisikia.

*Kwa nini kosini ipigwe mraba? Tulifundishwa kwamba kichujio ni kama uzio wa fito, na kamba inayotikiswa wima hupita kati ya fito. Kwenye uzio sioni mraba wowote. (Msomaji, Zanzibar)*

Kinachotikisika kwenye mwanga ni uga wa umeme. Uga ulioinama kwa pembe θ unaweza kugawanywa sehemu mbili: moja inafuata mhimili wa kichujio, nyingine inaukingama. Inayofuata mhimili ina ukubwa wa E cosθ, na hiyo ndiyo inayopita. Lakini jicho na vipimo havisomi uga, vinasoma nishati inayofika, na nishati ya wimbi huenda na mraba wa ukubwa wake. Chukua nyuzi 60: uga unaopita ni nusu, ukali unaopita ni robo.

Mfano wa uzio una kasoro moja inayofaa kusahihishwa mapema. Karatasi ya polaroidi hutengenezwa kwa plastiki iliyovutwa mpaka molekuli zake ndefu zikalala upande mmoja, kisha ikatiwa aidini. Elektroni zinaweza kukimbia kwa urefu wa minyororo hiyo, kwa hiyo uga unaotikisika sambamba na minyororo ndio unaonyonywa na kugeuka joto. Unaopita ni ule unaoikingama. Mhimili wa kupitisha uko nyuzi 90 kutoka kwenye minyororo, kinyume kabisa na fito za uzio.

*Mwanga unaotikisika wima wenye ukali wa 50 W/m² unafika kwenye kichujio kilichoinama nyuzi 20 kutoka wima, halafu kingine kilichoinama nyuzi 65 kutoka wima. Kwenye cha pili natumia pembe ipi? (Mwanafunzi, Mbeya)*

Tumia 45, yaani 65 ukitoa 20. Hapa ndipo wengi huteleza, na sababu ni moja: wanadhani mwanga bado unakumbuka kwamba ulikuwa wima. Haukumbuki. Ukishapita kichujio cha kwanza, unatikisika kwa nyuzi 20, na wima haimo tena kwenye hesabu. Kichujio cha pili kinakutana na mwanga wa nyuzi 20, basi.

Baada ya cha kwanza: cos²20° ni 0.883, kwa hiyo 50 × 0.883 = 44.2 W/m². Baada ya cha pili: cos²45° ni 0.5, kwa hiyo unabaki na 22.1 W/m². Ungetumia nyuzi 65 ungepata karibu 7.9, chini hata ya nusu ya jibu. Swali likiuliza pia mwanga wa mwisho unatikisika upande gani, jibu ni nyuzi 65 kutoka wima, maana kila mara mwanga hubeba mhimili wa kichujio ulichotoka mwisho.

*Tumefanya jaribio shuleni kwa balbu, polaroidi mbili na programu ya simu inayopima laksi. Nyuzi 0 tulipata 205, nyuzi 60 tukapata 56, nyuzi 90 tukapata 6. Robo ya 205 ni 51, na kwenye 90 tulitarajia sifuri. Polaroidi zetu ni mbovu? (Kikundi cha wanafunzi, Mombasa)*

Sioni dalili ya ubovu. Zimeni balbu, acheni kila kitu mahali pake, kisha someni simu. Kuna mwanga wa dirishani na wa kuta unaoingia kwenye kipimo bila kupita vichujio, na kanuni haiuhusu. Tuseme mmesoma laksi 5. Itoeni kwenye kila kipimo, mtabaki na 200, 51 na 1. Robo ya 200 ni 50, nanyi mna 51.

Laksi 1 iliyobaki kwenye nyuzi 90 ni uvujaji halisi. Hakuna karatasi ya polaroidi inayonyonya kila kitu, hasa kwenye rangi za mwisho wa upinde. Mkitaka kuuhesabu, tumieni:

I = 200 cos²θ + 1 sin²θ

Kwa nyuzi 60 inatoa 50 + 0.75, yaani 50.75. Kipimo chenu ni 51, na kwa simu hayo ni matokeo mazuri. Polaroidi halisi hunyonya kidogo hata kwenye mhimili wake wenyewe, kwa hiyo msishangae karatasi moja ikipitisha pungufu ya nusu ya mwanga wa balbu. Ndiyo maana kwenye jaribio tunalinganisha na kipimo cha nyuzi 0 cha vichujio vyote viwili, siyo na mwanga wa balbu tupu.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni sifuri ya pembe. Alama iliyochorwa pembeni mwa kichujio inaweza kuwa imehama nyuzi kadhaa, na kutafuta giza kamili kwa jicho hakusaidii sana, kwa sababu karibu na nyuzi 90 ukali hubadilika polepole mno. Tafuteni pembe mbili, moja kila upande wa giza, ambazo simu inasoma sawasawa. Katikati yake ndiyo 90 yenu ya kweli. Nyuzi 45 ndiko ukali hubadilika kwa kasi kuliko kwingine, kwa hiyo kosa dogo la pembe hujionyesha hapo kwanza.

La pili ni simu yenyewe. Baadhi ya simu zina kipimo cha mwanga chini ya kioo, na kioo hicho kina kichujio chake. Hapo mnakuwa na vichujio vitatu bila kujua. Wekeni polaroidi moja tu mbele ya simu, muizungushe. Kama namba inapanda na kushuka, ndiyo hali hiyo. Dawa yake ni kukifunga kichujio cha pili kwenye simu kisiguswe, na kuzungusha cha kwanza, kile cha upande wa balbu. Kwa mwanga wa balbu, cha kwanza hutoa nusu ileile kwa kila pembe, kwa hiyo pembe kati ya viwili ndiyo pekee inayobadilika. Njia hii haifai kwa leza, kwa kuwa leza nyingi hutoa mwanga ambao tayari umepolaraizishwa.

Mkishapata vipimo, chorani ukali dhidi ya cos²θ, siyo dhidi ya θ. Mkipata mstari ulionyooka, kanuni imetii. Mstari ukinyooka lakini ukakata mhimili wima juu ya sifuri, ni mwanga wa pembeni au uvujaji. Ukipinda, chunguzeni sifuri ya pembe au kioo cha simu.

*Malus alitumia polaroidi gani? (Msomaji, Dodoma)*

Hakuwa nayo. Étienne-Louis Malus alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, na mwaka 1808 mjini Paris alitazama kwa fuwele ya kalisaiti mwanga wa jua la machweo ulioakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg. Fuwele hiyo huonyesha taswira mbili za kitu kimoja. Alipoizungusha, taswira moja ilififia huku nyingine ikikolea, na hapo akajua kwamba kuakisiwa kunaweza kuupolaraizi mwanga. Alifariki mwaka 1812, zaidi ya karne moja kabla ya Edwin Land wa Marekani kutengeneza karatasi za polaroidi.

*Vichujio viwili vikikingamana kwa nyuzi 90 ni giza. Rafiki yangu anasema ukiongeza cha tatu mwanga unarudi. Inawezekanaje kuongeza kizuizi ukapata mwanga zaidi? (Msomaji, Bujumbura)*

Ni kweli, mradi cha tatu kiwe katikati na kimeinama. Tuseme mwanga wa balbu ni 80 W/m² na cha katikati kimeinama nyuzi 45. Cha kwanza kinatoa 40. Cha katikati kinapokea mwanga ulio nyuzi 45 kutoka kwenye mhimili wake, kinatoa 20, na mwanga huo sasa unatikisika kwa nyuzi 45. Cha mwisho nacho kinakutana na pembe ya 45 badala ya 90, kinatoa 10. Bila kile cha katikati, cha mwisho kingepokea 40 na kutoa sifuri.

Cha katikati hakijaongeza nishati yoyote, kimeugeuza upande wa mtikisiko. Ukikitoa katikati ukakiweka mbele ya vyote viwili, au nyuma yao, giza linabaki, kwa sababu vile viwili vinavyokingamana vitakuwa vinafuatana bila kitu kati yao.