Gesi ya mgahawa: mitungi mingapi, bomba la inchi ngapi, regyuleta ipi

"Wakuu, nina mgahawa Sinza, mitungi miwili ya kilo 38 iko uani imeungwa pamoja, bomba la chuma la nusu inchi linakwenda jikoni kama mita 24. Kila ikifika saa saba mchana moto unalegea, mtungi unatoa jasho mpaka unaganda barafu, vijana wanaumwagia maji ya moto. Regyuleta nishabadilisha na bado. Jikoni kuna jiko la plate nne lenye oveni, majiko mawili ya chini ya sufuria kubwa na bamba la kuchomea, na nataka kuongeza fraya mbili za chipsi. Nianzie wapi, na mitungi ikae umbali gani na jengo?"

Mkuu, kwanza kabisa waambie vijana waache kumwagia mtungi maji ya moto, na asije akatokea mjanja akaulaza mtungi chini ili "gesi itoke vizuri", maana ukiulaza inayotoka ni gesi ya maji siyo mvuke, na tone moja la ile likifika kwenye jiko linatanuka kama mara 250, hapo moto hauzimiki kirahisi.

Kazi zangu ni hizi hizi za kufunga gesi mahotelini na kwenye majiko ya shule, na nakwambia kubadilisha regyuleta ndiyo kitu cha kwanza kila mtu anakimbilia kwa sababu kinauzwa dukani na kinafungwa dakika tano. Anza na swali hili: jiko lako lote likiwaka linakula kilo ngapi kwa saa? Ukishaipata hiyo namba, mitungi, regyuleta na bomba vyote vinafuata.

Nenda nyuma ya kila jiko usome kibati, pameandikwa kilowati. Kilo moja ya gesi inatoa kama kilowati 12.8 kwa saa. Hujataja zako kwa hiyo naweka za majiko ya aina hiyo ninayokutana nayo: plate nne na oveni yake 30, majiko ya sufuria mawili 15 kila moja kwa hiyo 30, bamba 12, hapo una 72. Fraya mbili za 14 zinaongeza 28, jumla 100. Gawa kwa 12.8 unapata kama kilo 8 kwa saa kila kitu kikiwaka mpaka mwisho. Ila hakuna jiko linalowaka lote kwa pamoja muda mrefu, kwa migahawa ya mchana mimi nachukua asilimia 70 kwenye ile saa ya kukimbizana, yaani kilo 5.5. Kumbuka hizo namba mbili zina kazi tofauti, ya 5.5 ni ya kuhesabia mitungi, ya 8 ni ya kuhesabia bomba na regyuleta, kwa sababu mtungi unachoka taratibu lakini bomba dogo linakubana dakika ile ile uliyofungua koki zote.

Sasa barafu. Ndani ya mtungi gesi ni maji, na ili yageuke mvuke lazima yapate joto, na joto hilo linatoka hewani kupitia ubavu wa mtungi ule ulioguswa na gesi ya maji kwa ndani. Ukivuta haraka kuliko joto linavyoingia gesi inapoa, ikipoa presha inashuka, na mvuke wa hewa ya Dar unaganda kwa nje. Kwa hiyo ile alama ya barafu inakuonyesha gesi imebaki mpaka wapi na pia kwamba unavuta kupita uwezo. Halafu mtungi ukifika nusu ubavu unaopitisha joto nao umebaki nusu, ndiyo maana unalegea zaidi siku za mwisho. Na kuna la tatu ambalo wengi hawalijui, gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri na butani inachemka karibu na sifuri, kwa hiyo propani inatangulia kutoka na inayobaki chini ni butani nyingi yenye presha ndogo. Ukiona mtungi unarudishwa dukani ukiwa bado mzito, sababu mara nyingi ni hiyo, muuzaji hajakupunja.

Kwa joto letu la pwani mimi natumia kilo moja kwa saa kwa kila mtungi wa 38 kwa kazi mfululizo. Ni kanuni ya mkononi, mtungi uliojaa unaweza kutoa zaidi kwa muda mfupi lakini usiupangie hivyo. Leo hii kabla ya fraya unavuta kama kilo 4 kwenye mitungi miwili, kila mmoja unabeba mara mbili ya uwezo wake, lazima ugande. Ukiongeza fraya unahitaji mitungi 6 inayofanya kazi kwa pamoja, yote wazi, siyo mmoja ukiisha unafungua mwingine, maana ukifanya hivyo umerudi kwenye mtungi mmoja unaoganda. Upande wa pili mitungi 6 ya akiba na valvu ya kubadilisha katikati, na kila hozi ya mtungi iwe na valvu ya kuzuia gesi isirudi, ili ukitoa mtungi mmoja kubadilisha mingine isikupulizie usoni.

Ila kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili maana kwako naona kuna magonjwa mawili yamelaliana. Asubuhi mitungi ikiwa imejaa na imepumzika, washa kila kitu mpaka mwisho. Moto ukilegea hapo hapo basi ni bomba au regyuleta. Ukianza vizuri ukalegea baada ya saa moja hivi, na ukizima ukapumzika nusu saa unarudi, hiyo ni mitungi. Nahisi utaona vyote.

Nahisi hivyo kwa sababu ya hilo bomba la nusu inchi. Hesabu ya bomba la presha ndogo iko hivi:

```
Q = 0.0071 * sqrt(d^5 * H / (s * L))
```

Q ni mita za ujazo kwa saa, d kipenyo cha ndani kwa milimita, H presha inayopotea njiani kwa milibari, L urefu kwa mita, na s ni uzito wa gesi ukilinganisha na hewa, kwa mchanganyiko wetu naweka 1.8. Kilo 8 ni kama mita za ujazo 3.6. Urefu wako 24 ukijumlisha elibo na tii weka 30. Bomba la nusu inchi ndani lina kama milimita 16, ukipiga unapata hasara ya milibari 13. Jiko linataka 30! Linafikiwa na 17, moto utakuwa mfupi na wa njano hata ukiweka regyuleta ya dhahabu. Robo tatu inchi hasara inashuka mpaka 3, inchi moja inafika karibu 1. Angalia kile kipenyo kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tano, ndiyo maana hatua moja tu ya bomba inabadilisha kila kitu. Mimi sikubali hasara kuzidi 2.5 toka regyuleta ya mwisho mpaka jiko la mbali kabisa.

Lakini huna haja ya kung'oa bomba lako. Gawa presha mara mbili. Regyuleta ya kwanza pale kwenye mitungi ishushe mpaka bari 0.7, gesi isafiri hivyo kwenye nusu inchi uliyonayo, hapo hasara ni kama milibari 8 kati ya 700, hakuna wa kuihisi. Regyuleta ya pili ifunge kwenye ukuta wa jikoni kwa NJE, hiyo ndiyo ishushe mpaka 30, au 37 kama kibati cha jiko kinasema 37, kisha ingia ndani na robo tatu inchi. Mita 8 za ndani kwa robo tatu zinapoteza chini ya milibari moja. Presha ya 0.7 usiiingize ndani. Na bomba la zamani kabla ya kulipandishia presha litenganishe na majiko na regyuleta, lijaze hewa mpaka bari 2, funga, pakaa povu la sabuni kila kiungo na uangalie geji isishuke.

Ukienda kununua regyuleta usiulize "ya presha kubwa ipo?", uliza inapitisha kilo ngapi kwa saa presha ya kuingilia ikiwa ndogo kabisa. Ile namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni ya mtungi uliojaa, wakati wewe unaihitaji saa nane mchana mtungi ukiwa baridi. Kwa kilo 8 tafuta ya 10 au 12. Hizi za kuzungusha kwa mkono za mtaani achana nazo kabisa kwenye jiko la biashara, mpishi akiona moto mdogo anaongeza, usiku mitungi ikipumzika presha inapanda na kesho yake asubuhi moto unaruka kichwani mwa mtu. Ya pili iwe na kifungio kinachokata gesi presha ikizidi. Regyuleta ya kwanza ifunge juu ya usawa wa valvu za mitungi na hozi zipande kuielekea, ili mvuke ukigeuka maji urudi mtungini. Tundu la kupumulia litazame chini, na lichungulie mara kwa mara, manyigu wanapenda kulijengea tope, na likiziba regyuleta haijui tena presha ya nje.

Umbali sasa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa inalipuka. Kwa hiyo ninachokiogopa zaidi siyo ukuta, ni matundu ya chini. Mlango na dirisha la chini angalau mita 1 toka kwenye valvu, chemba na mifereji ya maji machafu angalau mita 2, mpaka wa jirani mita 3 au ukuta wa tofali usio na tundu, na kitu chochote cha cheche kama pampu ya maji, swichi, jenereta au jiko la mkaa mimi nakipeleka mita 5. Uani Sinza ni padogo najua, lakini chemba ndiyo usiilegezee. Niliitwa hoteli moja wanalalamika jiko linanuka gesi na kila kiungo ndani ni kizima, kumbe hozi inavuja kule nje, banda la mitungi limekaa kando ya chemba, gesi inashuka kwenye bomba la maji machafu inatokea kwenye tundu la sakafu la jikoni katikati ya majiko yanayowaka.

Banda liwe la wavu, sakafu ya zege iliyonyanyuka, wazi chini, mitungi imesimama imefungwa mnyororo. Mitungi 12 ni kilo 456, kwa kiasi hicho peleka mchoro Zimamoto kabla hujamwaga zege, wanaweza kutaka umbali zaidi ya huu niliokupa na wao ndio watakaokagua.

Piga picha vibati vya majiko weka hapa tukupigie hesabu upya, hasa hayo mawili ya sufuria kubwa. Mengine ya aina hiyo ni ya presha kubwa, na kama yako ndivyo yalivyo hayaendi kwenye laini ya milibari 30 kabisa.