Mbwa mwongozaji pale KIA

"Mdogo wangu haoni, atasafiri na mbwa wake mwongozaji kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kwenda Ujerumani. Tuombe nini?"

Dada, mjulisheni wakala wa tiketi angalau saa 48 kabla, na mhakikishe ameandika BLND, alama ya abiria asiyeona, kwa maana akiandika WCHR ataletewa kiti cha magurudumu, kama nilivyoletewa mimi mwenye miguu mizima. Msindikizaji asimkokote, bali mdogo wako ndiye amshike kiwiko.

Kwenye lango la ukaguzi atangulie yeye, mbwa afuate kwa kamba iliyolegezwa, na chuma cha hatamu kikilia aombe mbwa apapaswe kwa mkono.

Aliyetangulia kujibu amesema chanjo inatosha, lakini Ulaya hudai pia kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa, kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha husubiriwa miezi 3.